Unga wa kijani kwenye kopo: mdogo mno kuwa mboga, lakini unatosha kuvuruga dawa

SEHEMU YA 1: Swali ambalo sikuuliza

Wiki iliyopita niliahidi kuandika kuhusu ule unga wa kijani wa kwenye makopo, unaokorogwa na maji asubuhi. Wengi mmeniuliza swali moja: "Nesi, nikinywa kijiko kimoja, si naweza kuacha mboga?" Hapana, huwezi. Lakini nikiishia hapo utasema hawa manesi kazi yao kukataza tu. Kwa hiyo leo nakusimulia kisa kilichonifundisha mimi mwenyewe, na ndani yake kuna kosa langu.

Yupo mama mmoja wa kliniki yetu ya moyo, nitamwita Mama Zawadi, si jina lake. Ana miaka hamsini na kitu. Utotoni aliugua homa ya baridi yabisi, ikamharibu valvu ya moyo, akaja kuwekewa ya bandia ya chuma. Mtu mwenye valvu ya aina hiyo anameza warfarini kila siku maisha yake yote, ili damu isigande kwenye ile chuma. Bonge la damu likishika pale, valvu inaweza kukwama, au kipande kikasafiri hadi kwenye ubongo, mtu akapooza.

Warfarini tunaifuatilia kwa kipimo cha damu kinachoitwa INR. Kwa Mama Zawadi daktari anataka namba iwe kati ya 2.5 na 3.5. Ikishuka chini, damu inaganda kirahisi. Ikipanda sana, damu inavuja. Kwa miezi mingi alikuwa anameza miligramu 5 na namba yake inacheza kwenye 2.9. Mgonjwa wa mfano kabisa, hakosi tarehe.

Siku moja akaja, kipimo kikatoka 1.7. Nikamwuliza, "Mama, dawa unameza?" Akasema, "Nameza mwanangu, kila jioni baada ya taarifa ya habari." Sikumwamini. Nakiri hapa mbele yenu. Nikampa somo refu la umuhimu wa kumeza dawa, naye akainamisha kichwa akanisikiliza kama mtoto wa shule. Daktari akampa sindano za siku chache za kumlinda na akapandisha dozi hadi miligramu 6. Baada ya wiki mbili, 1.9. Dozi ikapanda tena, 7.

Wiki mbili nyingine akarudi ameshika kitambaa mdomoni. Fizi zinatoka damu akipiga mswaki, na kwenye mkono ana alama ya bluu ambayo hakumbuki amejigonga wapi. INR 5.6.

Hapo ndipo nilipouliza swali nililopaswa kuuliza siku ya kwanza: "Mama, kuna kitu chochote ulikuwa unakula au kunywa, ukaacha?" Akafikiri. Akasema, "Labda ile dawa ya mboga ya binti yangu. Imeisha kama siku nane hivi."

SEHEMU YA 2: Kopo lenyewe

Binti yake anafanya kazi Maskati. Alimtumia mama yake kopo la unga wa kijani kwa mapenzi yote, kwa sababu alijua mama hali mboga za majani. Na kwa nini hali? Kwa sababu miaka ya nyuma, alipoanza warfarini, mtu fulani alimwambia "usile kabisa mchicha wala matembele." Akatii. Basi binti akaona, kama mama hawezi kula mboga, angalau anywe.

Nilimwomba aniletee kopo tupu. Tukakaa naye kwenye benchi, tukalisoma pamoja. Nenda kachukue la kwako kama unalo, tufuatane.

Kitu cha kwanza kutafuta ni uzito wa kijiko kimoja. Kwake kilikuwa gramu 10, vijiko 30 kwa kopo, yaani mwezi mmoja. Ukisikia gramu 10 unaweza kusema ni kidogo, na mwenye kuuza atakujibu: hizi ni mboga zilizokaushwa, maji yametoka. Ni kweli. Mchicha na spinachi karibu sehemu tisa kati ya kumi ni maji, kwa hiyo gramu 10 za majani makavu matupu ni kama gramu 100 za majani mabichi. Mpaka hapo hesabu inavutia.

Shida ni kwamba ndani ya gramu 10 majani hayako peke yake. Kopo la Mama Zawadi liligawanywa hivi: mchanganyiko wa vitu vya kijani gramu 4.5, nyuzinyuzi za kuongezwa gramu 2, mchanganyiko wa mitishamba gramu 1. Jumla 7.5. Hizo gramu 2.5 zilizobaki ni ladha, vitamu, ukali wa ndimu na unga wa kushikilia mambo yote pamoja. Yaani robo ya kijiko haina uhusiano na mboga.

Sasa twende ndani ya zile gramu 4.5. Kulikuwa na majina 12: mwani mdogo wa majini unaoitwa spirulina, majani machanga ya ngano, ya shayiri, alfalfa ambayo wafugaji wanawapa ng'ombe wa maziwa, halafu spinachi, na kuendelea hadi brokoli iliyochorwa kubwa na nzuri mbele ya kopo. Uzito wa kila kimoja haujaandikwa. Limetengenezwa Marekani, na sheria ya huko inaruhusu kiwanda kutaja jumla ya mchanganyiko bila kutaja kila kiungo kina kiasi gani. Lakini kinalazimika kuvipanga kwa uzito, kizito kinaanza.

Hiyo inatosha kwetu kufanya hesabu ya darasa la tano. Brokoli ilikuwa ya kumi kwenye orodha. Vitu tisa vilivyo mbele yake kila kimoja kina uzito sawa nayo au zaidi. Kwa hiyo brokoli haiwezi kuzidi moja ya kumi ya 4.5, yaani gramu 0.45 kavu. Ukiirudishia maji yake unapata kama gramu 4 mbichi. Ni kishada kimoja kidogo kuliko ncha ya kidole gumba. Spinachi ilikuwa ya tano, kwa hiyo haizidi gramu 0.9 kavu, ambazo ni kama gramu 10 mbichi. Jani moja au mawili.

Nilirudi nyumbani nikanunua fungu la mchicha gengeni, shilingi 500. Nikaondoa mizizi na mashina magumu, nikaweka majani kwenye mizani ya jikoni. Gramu 180. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, ambazo wengi tunazigawa katika mafungu matano ya gramu 80. Kijiko cha Mama Zawadi, hata tukisema zile gramu 4.5 zote ni mboga, ni kama gramu 45 hadi 50 mbichi. Hakifikii hata fungu moja kati ya matano. Na nyuzinyuzi ni gramu 2, wakati kwa siku tunahitaji angalau 25.

Ndiyo maana nasema si mboga. Ukiona kopo linajisifia vitamini C asilimia kadhaa, mara nyingi hiyo imeongezwa kiwandani, kama ilivyo kwenye kidonge cha vitamini. Si vibaya, ila ujue unanunua kidonge kilichosagwa kwa bei ya brokoli.

SEHEMU YA 3: Kama ni kidogo hivyo, kilimfanyaje?

Hapa ndipo watu wengi wanachanganyikiwa, na mimi nilichanganyikiwa. Kama kijiko hakina mboga ya maana, kiliangushaje INR?

Ini linatumia vitamini K kutengeneza vitu vinavyogandisha damu. Warfarini inafanya kazi kwa kulizuia ini lisiitumie vizuri vitamini hiyo. Ni kama mizani ya dukani: upande mmoja dawa, upande mwingine vitamini K ya chakula. Daktari anapokupangia miligramu 5, anapima kwa kufuata kile unachokula siku zote. Ukiongeza vitamini K, dawa inazidiwa. Ukiipunguza ghafla, dawa inakuwa kali.

Na vitamini K haihitaji wingi. Mwanamke mzima anahitaji kama mikrogramu 90 kwa siku. Spinachi mbichi gramu 100 ina zaidi ya mikrogramu 400, kwa hiyo gramu 20 tu zinatosha mahitaji ya siku nzima. Ukikausha majani ukayasaga, shibe inapotea lakini sehemu kubwa ya vitamini K inabaki. Kijiko kimoja chenye majani ya aina nne tano kinaweza kumpa mtu mahitaji yake ya siku. Na kwenye jedwali la virutubisho la lile kopo, vitamini K haikutajwa hata kidogo. Mtu angesoma kopo zima kwa makini asijue.

Sasa mchukue Mama Zawadi. Kwa miaka hali majani ya kijani. Mwili wake una akiba ndogo sana ya vitamini K, na mtu wa namna hiyo ndiye anayetikiswa zaidi na mabadiliko madogo. Anaanza kijiko kila asubuhi, INR inaanguka 1.7. Sisi tunapandisha dozi mara mbili. Kisha kopo linaisha. Vitamini K inarudi karibu na sifuri, lakini dawa sasa ni 7 badala ya 5. Siku nane baadaye fizi zinavuja. Kila mtu alifanya kitu kinachoonekana cha busara: binti alituma, mama alikunywa, daktari alipandisha dozi kwa kufuata kipimo. Nafasi ya kulizuia ilikuwa mikononi mwangu, kwa swali la sekunde tano, nikaitumia kumfundisha kumeza dawa mtu ambaye hakuwahi kukosa.

SEHEMU YA 4: Utamu unatoka wapi

Tukiwa bado kwenye benchi, Mama Zawadi akasema, "Lakini tamu mwanangu, hata mzee wangu alikuwa anakunywa." Mzee wake ana kisukari.

Umewahi kutafuna majani ya ngano? Ni machungu, yana harufu ya nyasi. Unga wa majani matupu haunyweki kirahisi. Kwa hiyo ukiuona mtamu, ujue kuna aliyeutia utamu. Mbele ya kopo iliandikwa haina sukari iliyoongezwa, na haikuwa uongo. Utamu ulitoka kwenye stevia na sukralozi. Sukralozi ni tamu mara 600 hivi kuliko sukari, kwa hiyo kiwanda kinatia chembe tu, nayo haipandishi sukari ya damu. Ila mnaokunywa kwa ajili ya kupungua mjue kwamba mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasitegemee vitamu visivyo sukari ili kupunguza uzito.

Kilichonisimamisha ni jina lingine, maltodekstrini. Huu ni wanga uliovunjwavunjwa, unga mweupe wa kubebea ladha. Kwa sheria ya lebo hauitwi sukari, lakini tumboni unageuka glukosi haraka sana. Je, ungemdhuru mzee? Kijiko kimoja chenye gramu moja au mbili, hapana, sitaki kukutisha. Lakini mzee alikuwa anakoroga vijiko viwili kwenye glasi ya juisi ya embe "ili ishuke vizuri", akiamini anakunywa dawa ya sukari. Juisi ndiyo iliyompandisha, na kopo ndilo lililompa ruhusa. Kama una mashine ya kupima sukari nyumbani, usinisikilize mimi wala muuzaji: pima kabla ya kunywa, pima tena saa moja na saa mbili baadaye, uone mwenyewe.

Na zile gramu 2 za nyuzinyuzi? Ilikuwa inulini, inayotolewa kwenye mizizi ya mmea wa chikori. Ni salama, lakini wengine inawajaza gesi. Ukisikia mtu anasema "tumbo linaunguruma, sumu inatoka", mara nyingi ni inulini inachachuka kwenye utumbo. Hakuna sumu inayotoka.

SEHEMU YA 5: Mitishamba iliyojificha mkiani

Ile gramu 1 ya mitishamba ndiyo ndogo kuliko zote, na ndiyo ninayokuomba uisome kwanza.

Ya kwanza kwenye orodha ilikuwa ashwaganda, mzizi kutoka India unaouzwa kwa ajili ya kupunguza mawazo. Kuna wagonjwa walioumia ini baada ya kuutumia, ripoti zao zimechapishwa, na Denimaki iliupiga marufuku mwaka 2023. Mjamzito asiuguse. Anayemeza dawa za tezi amwambie daktari wake kabla.

Wa tatu ulikuwa mzizi wa likorisi, ule unaotengenezewa pipi nyeusi. Ukitumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu unapandisha presha na kushusha potasiamu, madini yanayosaidia moyo kupiga kwa mpangilio. Tukirudia hesabu yetu, kitu cha tatu kwenye gramu 1 hakiwezi kuzidi theluthi ya gramu, ni kidogo. Lakini Mama Zawadi anameza pia dawa ya kukojoa, na hiyo peke yake inatoa potasiamu mwilini. Daktari akaagiza ipimwe, ikatoka 3.3, wakati kawaida inaanzia 3.5. Siwezi kukwambia ni mzizi ulioishusha, dawa ya kukojoa peke yake ingeweza. Ila mtu ambaye mlango wake tayari umelegea hahitaji wa kuusukuma.

Kopo lake halikuwa na sanamaki, namshukuru Mungu. Lakini ule unga wa kijani wa pakiti unaouzwa mtandaoni kwa jina la kusafisha tumbo, mara nyingi ndiyo siri yake. Kwenye lebo za nje utaiona kwa jina la sena. Namna ya kuitambua hata kama lebo imenyamaza: unakunywa usiku, na saa sita hadi kumi na mbili baadaye tumbo linasokota, unakimbilia chooni. Kilo mbili zilizopungua ni maji na choo, zinarudi ukinywa maji. Ukiendelea nayo wiki kwa wiki, potasiamu nayo inaondoka, na utumbo unazoea kusukumwa.

SEHEMU YA 6: Tulivyomaliza

Daktari alisimamisha warfarini kwa siku mbili, akapima tena, akamrudisha kwenye miligramu 5. Kopo lingine lilikuwa tayari limefika kutoka Maskati. Mama Zawadi hakulifungua.

Kilichowashangaza wengi niliowasimulia ni ushauri wa chakula. Daktari hakumwambia aendelee kukimbia mboga. Alimwambia aanze kula, kiasi kilekile, kila siku: upawa mmoja wa mchicha au matembele ya kupikwa mchana, usiruke, usizidishe. Kipimo kila wiki mpaka namba itulie, halafu dozi ifuate chakula chake. Kwa mtu wa warfarini, tatizo ni mboga inayokuja na kuondoka. Mboga inayokaa sahanini kila siku dawa inaizoea. Wewe unayemeza warfarini na unasoma hapa, usianze leo peke yako. Mwambie daktari wako kwanza, mpangiane tarehe ya kipimo.

Na kama unakunywa unga huu na una dawa yoyote ya kila siku, usiutupe ghafla kwa sababu ya maneno yangu. Umeona kilichompata mama alipouacha bila mtu kujua. Njoo nao kliniki, kopo lenyewe, si jina tu. Tutageuza nyuma, tutatafuta uzito wa kijiko, mpangilio wa majina na mitishamba ya mkiani.

Wiki ya sita Mama Zawadi alikuja na namba 2.8. Nilimwomba radhi kwa lile somo la siku ile. Akacheka, akasema, "Nilijua hukuniamini. Nikasema moyoni, huyu mtoto atakuja kujua." Siku hizi kwenye daftari langu la kliniki, chini ya "dawa unameza?" nimeongeza mstari kwa kalamu nyekundu: "Kuna kipya ulichoanza? Kuna ulichoacha?"

Kesho jioni nitajibu maswali. Picha za lebo zilizokatwa nusu sizisomi, piga nyuma yote.